Kristali Isiyoyumbishwa na Saketi Yake

Ukifungua saa ya ukutani ya betri, karibu na chipu utakuta kikopo cha chuma chenye urefu wa milimita 8 hivi na unene wa milimita 3. Mafundi hukiita kristali. Ndani yake mna kipande cha kwatsi kilichochongwa mfano wa uma wa meno mawili, na meno hayo hutetema mara 32,768 kila sekunde. Ukiuliza kwa nini saa hiyo haipotezi majira, jibu la haraka ni kwamba kwatsi hutoa umeme ikibanwa na hujipinda ikipewa umeme, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Jibu hilo lina ukweli, ila halimalizi swali. Zipo seramiki zilizotengenezwa maalumu ambazo nazo hufanya hivyo hivyo, na hutumika kwenye rimoti za televisheni. Lakini kasi ya mtetemo wake huweza kukosea kwa nusu asilimia, na nusu asilimia ya siku ni zaidi ya dakika 7. Kwa hiyo tabia ile ni mlango tu ambao kwatsi na saketi hupitia kuwasiliana. Uthabiti una chanzo kingine.

Chanzo hicho ni ubahili wa nishati. Kila saketi ya namna hii ina kitu kinachotetema na amplifaya inayorudisha nishati iliyopotea katika kila mtetemo. Fikiria pembea: ikiwa nzito na laini kwenye bawaba zake, kidole kimoja kinatosha kuiendeleza, na hata kidole kikichelewa kidogo, pembea hufuata mwendo wake. Ikiwa na msuguano mkubwa, inamtegemea msukumaji, na kila kosa lake huonekana. Wahandisi hupima ubahili huo kwa namba wanayoiita Q: nishati inayopotea kwa kila mtetemo ikiwa ndogo mbele ya ile iliyohifadhiwa, Q huwa kubwa. Saketi ya koili na kapasita huwa na Q ya 100 hivi. Uma wa kwatsi hufikia 50,000 na kuendelea, na ili usipoteze nguvu kwa kusukuma hewa, kikopo chake huondolewa hewa kabla ya kuzibwa. Sasa chukua betri iliyoanza kuchoka, amplifaya ikachelewesha msukumo wake kwa nyuzi 6 za mzunguko mmoja. Kosa la kasi hukadiriwa kwa kugawa ucheleweshaji huo, katika radiani, kwa mara mbili ya Q. Nyuzi 6 ni karibu radiani 0.1, hivyo koili na kapasita zitakosea kwa sehemu 500 katika milioni, ambazo ni sekunde 43 kwa siku. Kwatsi itakosea kwa sehemu 1 katika milioni, chini ya sekunde moja kwa siku 10. Betri ni ile ile na amplifaya ni ile ile. Tofauti ni kwamba kwatsi haihitaji kusukumwa sana, kwa hiyo haiyumbishwi sana.

Mtu anaweza kupinga kwamba Q kubwa huikinga kristali dhidi ya saketi tu, lakini haiikingi dhidi ya joto, kwani joto hubadilisha ugumu wa kwatsi yenyewe. Hoja hiyo ni sahihi, na jibu lake liko kwenye msumeno. Ugumu wa kwatsi hutofautiana kwa kila upande wa fuwele, hivyo pembe ya kukatia inaweza kuchaguliwa ili athari moja ya joto ifute nyingine. Kwa uma wa saa, athari hizo hufutana kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Ukitoka hapo, kosa hukua kwa mraba wa tofauti ya joto: takriban sehemu 0.034 katika milioni kwa kila nyuzi iliyopigwa mraba. Chukua kifaa kilichofungwa ndani ya sanduku la bati juani, ambamo joto limefika nyuzi 45. Tofauti ni 20, mraba wake 400, na kosa ni sehemu 13.6 katika milioni. Saa hiyo itachelewa kwa sekunde 1.2 hivi kwa siku. Kwenye jokofu la nyuzi 5 itachelewa kiasi kile kile, kwa sababu mraba haujali kama umepanda au umeshuka. Joto na baridi vyote huichelewesha, hakuna kinachoiharakisha.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kama kweli kristali haiyumbishwi, mbona mtengenezaji huandika thamani ya kapasita zinazopaswa kuwekwa kando yake? Ni kwa sababu saketi bado ina uwezo mdogo wa kuivuta. Kristali nyingi za saa hurekebishwa kiwandani zikitarajia mzigo wa pikofaradi 12.5. Kapasita mbili za pikofaradi 18, zikionekana na kristali kwa mfululizo, hutoa 9; njia za shaba na miguu ya chipu huongeza 3.5 hivi, na hesabu inatimia. Fundi akiweka za 10 kwa kuwa ndizo alizo nazo, mzigo unabaki 8.5 na kristali huenda mbele kwa sehemu 45 hivi katika milioni, takriban sekunde 4 kwa siku. Kosa hili halipingani na hoja yangu, linaonyesha mpaka wake. Mzigo umepungua kwa karibu theluthi, na kasi imeguswa katika tarakimu ya tano tu. Zaidi ya hayo, kosa lenyewe halihamihami: kristali ni thabiti, ila imepangwa kwenye namba isiyo yake.

Mifumo ya kidijitali inategemea tofauti hiyo kati ya kuwa thabiti na kuwa sahihi. Namba 32,768 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 15, kwa hiyo hatua 15 za kugawa kwa mbili hutoa pigo moja kamili kwa sekunde. Saa ya Seiko Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa, tarehe 25 Desemba 1969, ilitumia mitetemo 8,192, yaani hatua 13, kwa kanuni ile ile. Kugawa hakuongezi kosa hata chembe: kosa la sehemu 10 katika milioni hubaki sehemu 10 katika milioni. Kuzidisha nako huwezekana. Chipu ya STM32F103 huunganishwa na kristali ya megahezi 8 lakini hufanya kazi kwa megahezi 72. Ndani yake mna saketi nyingine yenye Q duni inayotetema kwa kasi kubwa. Pigo lake hugawanywa kwa 9 na kulinganishwa na la kristali bila kukoma, na likitangulia au kuchelewa hurekebishwa. Kwa muda mfupi sana pigo hilo huyumbayumba, lakini kwa wastani haliwezi kuiacha kristali.

Je, kila chipu inahitaji kristali? Hapana. Chipu nyingi zina saketi ya ndani ya kipingamizi na kapasita yenye kosa la asilimia 1 hivi. Mawasiliano ya UART hutuma biti 10 kisha huanza kuhesabu upya, hivyo kosa la asilimia 1 halina muda wa kulimbikizana. Kwenye kutunza saa, hakuna kuanza upya: asilimia 1 ni dakika 14 kwa siku. Kristali hulipiwa pale ambapo makosa madogo hujumlishwa.

Ndiyo maana saa inayokosea inaweza kusomwa kama ripoti. Ikichelewa mchana wa jua na kurudia mwendo wake usiku, joto ndilo chanzo. Ikienda mbele kwa kiasi kile kile kila siku, tazama kapasita. Ikirukaruka bila mpango, shuku risasi iliyolegea au uchafu kwenye bodi. Ila usiguse mguu wa kristali kwa waya wa osiloskopu ukidhani unaipima. Waya huo huongeza pikofaradi 10 hivi, na uma unaoishi kwa nishati kidogo hivyo huweza kunyamaza kabisa. Pima kwenye mguu ambao chipu hutoa pigo lililokwisha kuimarishwa. Ubahili ulioikinga kristali dhidi ya betri chakavu ndio huo huo unaoifanya isivumilie mgeni.