Kilo 24 za Kwenye Karatasi
Tuchukue mtu mzima wa kilo 95 ambaye uzito wake umetulia, kisha akapunguza kalori 500 kila siku, karibu sawa na chapati mbili. Hesabu inayopendwa jimu husema kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Basi kilo itaondoka kila baada ya siku 15, na mwaka ukiisha zitakuwa zimekwenda karibu 24. Kugawanya kumefanywa sawasawa. Kosa ni kudhani kwamba mwili uliopungua utaendelea kutumia nguvu zilezile. Mwili mwepesi hutumia kidogo kutembea na hata kulala, kwa hiyo lile pengo la 500 huzidi kuzibika ilhali sahani haijabadilika. Mwaka 2011, Kevin Hall na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kanuni iliyozingatia jambo hilo: kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 22 zinazopunguzwa kwa siku hatimaye huondoa kilo moja, lakini nusu tu ya safari humalizika mwaka wa kwanza, na karibu yote baada ya miaka mitatu. Mtu wetu basi atapungua kama kilo 11 kwa mwaka, si 24.

Atakayepinga atauliza mbona wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo 3. Tupige hesabu: kilo 3 za mafuta ni kalori 23,100, yaani pengo la 3,300 kwa siku, kiasi ambacho watu wengi hawakitumii hata kwa siku nzima. Sehemu kubwa ni maji. Misuli na ini huhifadhi wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Akiba ikipungua, maji hutoka nayo. Siku ya pilau hurudi yote, na mtu hudhani amenenepa usiku mmoja.

Utetezi wa pili ni mgumu zaidi kuujibu: mizani imesimama kwa sababu misuli inaongezeka. Kwa anayeanza kunyanyua vyuma yawezekana, ila kwa kiasi. Majaribio ya wiki 10 hadi 12 kwa kawaida huonyesha ongezeko la kilo moja au mbili hivi, na nguvu zinazopanda wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza zoezi. Misuli basi huficha karibu nusu kilo kwa mwezi, wakati pengo la kweli la 500 huondoa karibu mbili mwezi wa kwanza. Mizani ikisimama miezi miwili, nashuku sahani kabla ya misuli.

Wiki mbili hazitoshi kuamua, kwani mazoezi mapya nayo huvuta maji kwenye misuli inayouma. Ni afadhali kupima kila asubuhi baada ya choo, kutafuta wastani wa wiki, na kuulinganisha na wa wiki nne nyuma. Mwanamke alinganishe siku zilezile za mzunguko wa hedhi.