Mbuzi ya Nazi na Mbuzi wa Maziwa

Nilikipa chombo cha kutengeneza video kwa akili mnemba agizo hili: "Mama ameketi juu ya mbuzi ya mti yenye ulimi wa chuma, anakuna nazi." Kikaniletea mama aliyempanda mnyama mwenye pembe. Lakini sarufi ilikwisha kusema: mnyama angekuwa "wa" na "mwenye". Chombo kiliionyesha tafsiri yake ya Kiingereza iliyotangulia picha, na humo upatanisho ulikuwa umepotea, kwani Kiingereza hakina pa kuuweka.

Nikaandika kwa Kiingereza. Mnyama akatoweka, ila mama akasimama mezani na kikwaruzo cha bati cha kukwaruzia karoti. Wenzangu huliita hili jibu sahihi zaidi. Mimi naliona baya zaidi: halichekeshi, na mtazamaji wa hapa Kampala asiyeijua mbuzi ya pwani ataliamini.

Kilichofaa ni Kiswahili kisichotaja jina: "Mama ameketi juu ya kibao kifupi, mbele yake umechomoza ulimi wa chuma wenye meno. Anazungusha nusu ya nazi juu ya meno, nazi inaangukia sinia." Kibao kilitokea, na mama akakaa. Meno tu ndiyo yalibaki machache mno.