Barua ya ofa ya Desemba: Kitenzi kimoja kinapobebeshwa kazi ya vinne

Wiki iliyopita mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Karatina aliniletea barua. “Mwalimu, hebu nisomee hii,” akasema. “Nimeisoma mara tatu na kila mara naona ni kama ni sawa, lakini roho inakataa.” Barua ilitoka kwa mwuzaji wa vifaa vya ofisi anayehudumia Nyeri, Othaya, Kerugoya na Nanyuki. Sitamtaja kwa sababu barua za aina hii ni nyingi, na lugha yake si yake peke yake.

Kiini cha barua ni maneno haya: “Mwaka unaelekea ukingoni. Je, mngali na bajeti ambayo haijatumika? Msikubali ipotee! Tumieni bajeti yenu kabla ya vitabu kufungwa. Tunawapa ofa kabambe ya punguzo la asilimia 15 kwa bei ya kawaida. Malipo yafanywe kabla ya Desemba 20. Bidhaa zitawasilishwa kuanzia Februari. Kuhusu hati za kupokelea, msiwe na wasiwasi, zitashughulikiwa mapema ili kuwarahisishia kazi.”

Kisarufi barua haina kosa kubwa. Upatanisho wa ngeli uko sawa na tahajia ni safi. Mtu angeweza kulalamikia “vitabu kufungwa”, kwa kuwa Kiswahili cha wahasibu kina “kufunga hesabu” tangu zamani, lakini hilo ni jambo dogo. Tatizo la barua hii liko katika maana, na linaanzia kwenye neno la kwanza kabisa, “mwaka”.

Mwaka gani? Barua hiyohiyo ilipelekwa kwa wateja wa kila namna. Serikali ya kaunti hufunga mwaka wake wa fedha Juni 30. Viwanda vya majani chai vilivyo chini ya KTDA, vikiwemo Chinga na Gathuthi vya hapa Nyeri, pia hufunga Juni 30, ndiyo maana wakulima hungoja bonasi baada ya hapo. Kwao Desemba ni katikati ya mwaka. Anayepokea barua hii katika ofisi kama hizo anaharakishwa bila sababu: ana miezi sita mizima mbele yake. Sifa moja tu, “mwaka wenu wa fedha”, ingemlazimu mwandishi kwanza ajue anamwandikia nani.

Tuje kwa “msikubali ipotee”. Kitenzi hiki kina ukweli mahali pamoja, nao ni serikalini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inasema kwamba mgao ambao haujatumika mwaka wa fedha unapoisha hukoma, na pesa hurudi kwenye hazina. Ndiyo sababu katika ofisi za umma husikia watu wakisema, “Malizeni voti, pesa isirudi.” Lakini hata hapo pesa hairudi gizani. Inarudi kwa mwenyewe, na inaweza kugawiwa upya.

Katika chama cha akiba na mikopo hali ni tofauti zaidi. Bajeti ya chama ni ruhusa ya kutumia kiasi fulani kwa jambo fulani. Ruhusa ikiisha Desemba 31, pesa yenyewe inabaki benki. Gharama zikipungua, ziada inaongezeka, na kutoka kwenye ziada hiyo ndipo wanachama hupata gawio. Kwa hiyo, anayesema pesa “itapotea” amechukua kitenzi cha msiba na kukibandika juu ya jambo ambalo kwa mwanachama wa kawaida wa Karatina ni habari njema. Kinachopotea ni nafasi ya mwuzaji kuuza, na pengine ni hofu ya meneja kwamba mwaka ujao atapewa bajeti ndogo. Hofu hiyo ni ya kweli, ila barua ingeitaja kwa jina lake.

Sasa tufikie kitenzi kinachobeba barua nzima: “tumieni”. Kitenzi -tumia kimetokana na -tuma kwa mnyambuliko wa kutendea, na katika Kiswahili cha leo kina kazi mbili. Unatumia kalamu, yaani unaandika nayo. Unatumia pesa, yaani unazitoa mfukoni. Nomino “matumizi” imerithi maana zote mbili: kuna matumizi ya dawa, na kuna mapato na matumizi. Katika mazungumzo ya nyumbani utata huu hauna madhara. Katika ofisi ya uhasibu unaleta shida, kwa sababu kati ya kutamani kitu na kukimaliza kuna hatua nne, na kila hatua ina kitenzi chake na karatasi yake.

Kwanza ni kuagiza, na karatasi yake ni hati ya kuagizia, ile ambayo wengi wetu huiita elpio. Pili ni kupokea, na karatasi yake ni hati ya kupokelea, inayotiwa sahihi na mtu aliyeyaona mabunda kwa macho yake na kuyahesabu. Tatu ni kulipa, na ushahidi wake ni ankara pamoja na stakabadhi. Nne ni kutumia kwenyewe, pale karatasi inapoingia kwenye printa. Barua imezimeza hatua zote nne kwa neno moja, kisha ikaacha msomaji aamue bajeti “imetumika” lini.

Jibu la swali hilo hutegemea jinsi hesabu zinavyoandikwa. Ofisi inayoandika hesabu kwa msingi wa pesa taslimu huhesabu tendo la kulipa. Lakini kampuni na vyama vingi huhesabu gharama bidhaa zinapopokewa, hata kama bado hazijalipiwa. Kwa wateja wa aina hii, ushauri wa barua haufanyi kazi. Chama kikilipa Desemba 18 na bidhaa zikaja Februari, kiasi hicho hakiwi gharama ya mwaka huu. Kinaandikwa kuwa malipo ya awali, yaani mali ambayo chama kinamdai mwuzaji, na kinavuka nacho mwaka. Fungu la bajeti linabaki vilevile, pesa imetoka benki, na rafu za stoo ni tupu. Mwuzaji akifunga duka Januari, chama kinabaki kikidai tu.

Bila shaka mwandishi wa barua analijua hilo, na ndipo inapokuja sentensi ya mwisho: hati za kupokelea “zitashughulikiwa mapema”. Mwangalie mtenda. Hayupo. Kauli ya kutendwa ni chombo halali cha lugha, nasi walimu huifundisha darasani kila muhula, lakini hapa imetumika kumficha mtu. Nani atazishughulikia? Na kushughulikia hati ya kupokelea ni kufanya nini, ikiwa mzigo wenyewe haujaja? Irudishe sentensi kwenye kauli ya kutenda nayo inasema hivi: “Wewe mhasibu utatia sahihi Desemba kwamba umepokea bidhaa ambazo tutakuletea Februari.”

Nilipomsomea kwa namna hiyo, yule dada alinyamaza kidogo. “Kumbe ni mimi,” akasema. Ni yeye. Jina litakaloonekana kwenye karatasi si la mwuzaji wala la meneja. Na karatasi hiyo haifichiki kwa urahisi, kwa sababu mojawapo ya kazi za kwanza za wakaguzi wa hesabu ni kuchukua hati za mwisho kabla ya kufunga mwaka na za kwanza baada yake, kisha kuzilinganisha na daftari la stoo na tarehe za ankara. Mabunda yaliyopokewa Desemba 30 lakini yasiyokuwepo stoo ilipohesabiwa Desemba 31 huuliza maswali yenyewe.

Yabaki maneno ya bei. “Ofa” sina ugomvi nalo. Limekwisha kuwa Kiswahili. Ugomvi wangu ni na “bei ya kawaida”. Kawaida ya nani? Mhasibu alikuwa na ankara ya Agosti ya mwuzaji huyohuyo: rimu za karatasi na wino wa printa, idadi ileile, kwa shilingi 300,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Katika barua, “bei ya kawaida” ya mzigo huo pia ni shilingi 300,000. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kuwa bei hazijajumuisha kodi. Tukokotoe. Ukiondoa asilimia 15 unabaki na 255,000. Kodi ya asilimia 16 juu yake ni 40,800. Jumla ni 295,800. Ukilinganisha na Agosti, chama kinaokoa shilingi 4,200, yaani asilimia 1.4. Hesabu ya barua si ya uongo. Neno “kawaida” ndilo limehamishwa kimyakimya kutoka bei yenye kodi hadi bei isiyo na kodi.

Mtu ataniuliza kama nataka wauzaji wasiandike barua za Desemba. La hasha. Ofisi nyingi huwa na mahitaji ya kweli yaliyocheleweshwa, na mwuzaji ana haki ya kuyawinda. Barua hiyo ingeweza kuandikwa hivi na bado ikauza: “Ikiwa mwaka wenu wa fedha unaisha Desemba 31 na mnahitaji vifaa vya ofisi, tukipata agizo lenu kufikia Desemba 5 tutawaletea kufikia Desemba 18. Afisa wenu atahesabu mzigo, kisha atatia sahihi hati ya kupokelea siku hiyo. Bei baada ya punguzo, pamoja na kodi, ni shilingi 295,800. Mtalipa katika siku 30 baada ya kupokea.” Hapa kuna kuagiza, kuleta, kuhesabu, kupokea na kulipa. Kila kitenzi kina mtenda, na kila tendo lina tarehe yake. Hakuna kinachopotea, na hakuna kinachoshughulikiwa.

Mhasibu aliikunja barua yake akaniambia atamjibu mwuzaji kwa sentensi moja. Nilimwomba aniruhusu niinakili. Aliandika: “Leteni mzigo kwanza, tuuhesabu, ndipo tuzungumze habari ya sahihi.” Sina la kusahihisha hapo.