Mali Ilikaa kwa Nani? Uchambuzi wa Riba, Murabaha na Sukuki

Neno riba limekaa katika Kiswahili muda mrefu hata limesahau nasaba yake. Mtu asomaye gazetini kwamba Benki Kuu ya Tanzania imetangaza Riba ya Benki Kuu, kama ifanyavyo tangu Januari 2024, haoni ndani ya neno hilo lawama yoyote. Kwake ni kiwango cha asilimia, basi. Walakini kwa mfanyabiashara Mwislamu aingiaye katika benki isemayo kwamba haitozi riba, neno hilo hilo ni mpaka baina ya halali na haramu, na akishaingia humo hupokewa na maneno mengine ya Kiarabu, murabaha, ijara, sukuki, na aghalabu hutoka akijiuliza swali la haki kabisa: ikiwa benki hii nayo yanidai zaidi ya fedha iliyotoa, tofauti iko wapi? Jibu halimo katika tarakimu, na atafutaye humo atachoka bure. Limo katika swali jingine: mali ilikaa kwa nani, na kwa dhamana ya nani, kabla ya kunifikia mimi?

Asili ya neno riba ni kuzidi na kukua. Katika mambo ya deni, wanazuoni wa fikihi walilifungia maana mahususi, yaani ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo, au ziada iongezwayo juu ya deni kwa sababu tu muda umepita. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na desturi kwamba deni likifika siku yake na mdaiwa hana kitu, mwenye mali humtaka achague mawili, kulipa au kuzidisha, na akichagua kuzidisha hupewa muda mpya na deni likavimba. Ziada hiyo haikununua chochote: mdaiwa hakupata bidhaa nyingine wala kazi nyingine, na mdai hakubeba hatari yoyote ya mali, kwa kuwa mali yake ilikuwa imekwisha kuwa deni, na deni haliungui wala halizami baharini. Hapa ndipo sharia ilipoitenga riba na biashara. Muuzaji anaruhusiwa kupata faida kwa sababu kitu kilikuwa mikononi mwake, na laiti kingeharibika kabla ya kuuzwa, hasara ingekuwa yake. Mtume alikataza mtu kula faida ya kitu ambacho hajakibebea dhamana, na msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, kwani neno dhamana alilonalo nyumbani ndilo lile lile walitumialo mafakihi.

Amma murabaha, jina lake latokana na ribhi, yaani faida ya biashara, nalo ni jina la mauzo, si la mkopo. Katika vitabu vya kale ni mauzo ya uaminifu, ambamo muuzaji humfunulia mnunuzi rasilimali yake, yaani gharama aliyokinunulia kitu, kisha wakapatana juu ya faida atakayoiongeza. Mabenki yaliyachukua mauzo hayo na kuyaunganisha na ahadi ya mteja na malipo ya muda, mpango ambao Sami Hamoud aliueleza katika utafiti wake wa miaka ya 1970, na leo murabaha ni miongoni mwa miamala itumiwayo sana katika benki za Kiislamu. Manufaa yake na hatari yake hudhihirika mtu akizifuata hatua zake moja baada ya moja, basi tuzifuate kwa mfano.

Tuseme mama mmoja wa Tanga ataka mashine ya kusaga nafaka iuzwayo Dar es Salaam kwa shilingi 20,000,000, naye hana fedha taslimu za kutosha. Huiendea benki akiwa na hati ya bei kutoka dukani, na hatua ya kwanza ni ahadi tu: huahidi kwa maandishi kwamba benki ikiinunua mashine hiyo, yeye ataichukua kwa gharama yake pamoja na faida ya shilingi 3,600,000, jumla 23,600,000, kwa muda wa miezi 24. Benki yaweza kumtaka aweke amana ya kuonyesha kwamba amekusudia kweli, tuseme shilingi 2,000,000. Hapo hajanunua kitu, wala benki haijauza kitu. Akighairi baada ya benki kuinunua, nayo benki ikalazimika kumwuzia mtu mwingine kwa 19,400,000, hukatwa hasara iliyotukia kweli, yaani 600,000, na 1,400,000 zilizobaki hurudi kwake. Benki haina haki ya kuimeza amana nzima.

Hatua ya pili, benki hununua mashine dukani kwa jina lake na kumlipa mwenye duka moja kwa moja. Hatua ya tatu ndiyo roho ya muamala wote, nayo ni kabdhi, neno lililotupa kitenzi chetu cha kukabidhi: mashine yapasa iingie katika milki ya benki, ama kwa kupokelewa na mtu wake, ama kwa kutengwa ghalani na hati za umiliki kukabidhiwa kwake, hata ikawa lori likipinduka Chalinze kabla ya mauzo kwa mteja, hasara ni ya benki na mama wa Tanga hadaiwi hata senti. Baada ya hapo tu, benki humwuzia kwa tamko la kuuza na tamko la kukubali, ikitaja gharama na faida yake ili mteja asifichwe lolote. Amana ikihesabiwa kuwa malipo ya kwanza, hubaki 21,600,000, sawa na 900,000 kila mwezi.

Tangu saa hiyo bei imekuwa deni, na deni hilo haliruhusiwi kukua. Akichelewa mwezi wa tisa, benki haiwezi kuongeza faida yake, kwani kufanya hivyo ni kurejea katika desturi ile ya kulipa au kuzidisha. Mkataba waweza kumtaka mchelewaji mwenye uwezo atoe kiasi fulani, lakini kiasi hicho huenda katika sadaka, hakiingii katika mapato ya benki. Ndiyo maana bei ya muda yaweza kuzidi bei ya taslimu bila kuwa riba: ilipatanwa mara moja juu ya bidhaa, ikafungwa.

Tatizo ni kwamba hatua ya tatu ina gharama na usumbufu, kwa hivyo ndiyo irukwayo kwanza. Benki humfanya mteja kuwa wakala wake wa kununua, humtilia fedha katika hesabu yake, na jioni hiyo hiyo humtaka atie saini mkataba wa mauzo. Naye pengine hanunui mashine bali hulipa madeni, au mashine alikwisha kuinunua mwezi uliopita na sasa huleta risiti ya zamani. Kilichobaki hapo ni fedha iliyotolewa na fedha zaidi itakayorudi, na jina la murabaha juu yake ni vazi tupu. Ndiyo sababu taasisi ya Bahreni itungayo vipimo vya mabenki ya Kiislamu, AAOIFI, haipendi mteja awe wakala wa kununua ila pale penye dharura. Alama za kasoro hii husomeka katika karatasi: tarehe ya mkataba wa mauzo imeitangulia ankara ya dukani, au ankara imeandikwa jina la mteja badala ya benki, au malipo hayakwenda kwa mwenye duka.

Swali hilo hilo la kabdhi ndilo litufikishalo kwenye sukuki. Sakki, ambayo wingi wake ni sukuki, ni hati, na hati hizi zina kisa cha kale kilichohifadhiwa katika Muwatta ya Imamu Malik. Zama Marwan bin al-Hakam alipotawala Madina, watu walipewa sukuki za kupokea chakula kutoka Al-Jar, bandari ya mji huo katika Bahari ya Shamu, nao wakaanza kuuziana zile hati kabla chakula hakijapokelewa na yeyote. Zaid bin Thabit na sahaba mwenziwe walimwendea Marwan wakamkemea kwamba ameihalalisha riba, naye akatuma walinzi kuzinyang'anya hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Karatasi ilikuwa imeanza kufanya biashara peke yake, na chakula kimebaki nyuma.

Sukuki za leo zakusudiwa kuwa kinyume cha hayo. Magazeti yetu huziita hatifungani, na jina hilo hupotosha: mwenye hatifungani amekopesha na anadai, ilhali mwenye sukuki yapasa awe na fungu katika mali yenyewe, apate kodi au faida izaliwayo na mali hiyo, na abebe hasara yake. Mwaka 2002 serikali ya Malaysia ilitoa sukuki za dola milioni 600 kwa njia ya ijara: viwanja na majengo ya serikali, hospitali zikiwemo, viliuzwa kwa shirika lililoundwa kwa kazi hiyo, serikali ikavikodi kwa miaka mitano, na kodi ikawa ndiyo pato la wenye hati.

Mashaka huingia mwishoni mwa muda. Katika sukuki nyingi za ushirika, na za mudharaba ambamo mmoja hutoa mali na mwingine kazi, mtoaji aliahidi kuzinunua tena kwa bei ile ile ya awali, mali iwe imepanda au imeanguka, na kwa ahadi hiyo rasilimali ya mwenye hati ikawa imehakikishwa kama mkopo. Mwaka 2007 Sheikh Muhammad Taqi Usmani aliupinga mtindo huo waziwazi, na Februari 2008 AAOIFI ikakataza meneja au mshirika kuahidi bei hiyo, ingawa ilimruhusu mpangaji katika ijara.

Gharama ya kulegeza jambo hili ilionekana mwaka 2017. Kampuni ya gesi ya Dana Gas, ya Sharja, ilikuwa na sukuki za mudharaba za dola milioni 700 zilizokaribia kuiva, nayo ikatangaza kwamba hati hizo, ilizozitoa yenyewe, haziafiki sharia na ni batili kwa kanuni za Falme za Kiarabu. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya London ikahukumu kwamba ahadi ya kununua, iliyoandikwa chini ya sheria za Kiingereza, yafunga. Mahakama haikuhitaji kuamua kama ni halali kwa fikihi. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana. Waliodhani wana fungu katika mali wakajikuta wakipigania ahadi ya malipo.

Hukumu yangu, basi, ni hii: lugha ya Kiarabu haihalalishi muamala, wala ziada juu ya bei haiuharamishi. Ewe msomaji, uletewapo mkataba wa murabaha, kabla ya kuuliza asilimia, taka kuona ankara ya ununuzi wa benki na ulinganishe tarehe yake na ya mkataba wako. Na uletewapo sukuki, uliza ni mali gani, iko wapi, na ikiteketea nani atapata hasara. Ikiwa jibu ni kwamba wewe utalipwa vile vile, basi ulicho nacho mkononi ni deni.