Kumkunjia Mtu Shati Pichani

Binti alikuja na bahasha kwa fundi wa picha. Ndani yake mlikuwa na picha ya kuchapwa, ndogo, sentimita 10 kwa 15. Baba yake amekaa kwenye kiti cha mbao, amevaa shati la mistari lenye mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye vifundo vya mikono. Mkono wa kushoto unaning'inia kando ya kiti. Wa kulia umelala juu ya egemeo, kiganja kikielekea kwa mpiga picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuione."

"Ndiyo picha pekee tuliyobaki nayo. Ila hapa siye yule tuliyemjua. Baba alikuwa seremala, hatukuwahi kumwona hajakunja shati."

Fundi alinyamaza juu ya picha ile kwa muda, kisha akauliza, "Alikuwa akikunja mpaka wapi?" Binti akajibu papo hapo, kana kwamba amemwona baba yake asubuhi ile: chini kidogo ya kiwiko, na mkono wa kulia ulipanda zaidi ya wa kushoto kwa sababu ya msumeno.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike. Vyumba vya kutengeneza picha ni vingi mjini Tanga, na karibu kila kimoja kingemwambia binti yule kazi itakuwa tayari jioni. Wangetafuta picha ya mtu yeyote aliyekunja shati, wakamkata mikono, wakambandika marehemu. Huyu alitaka kwanza kujua mkunjo uliishia wapi, kwa sababu hapo ndipo hesabu yote inapoanzia. Kafu, ule ukanda mgumu wa mwisho wa mkono wa shati, huwa na upana wa sentimita 6 hivi. Ukiigeuza mara moja, shati linapanda sentimita 6. Mara mbili, 12. Mara tatu, 18, na hapo kwa mtu mzima wa kawaida umefika chini ya kiwiko. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa seremala ulikunjwa mara tatu, na wa kulia mara tatu na kitu kidogo cha kusukumwa kwa haraka na mtu aliye kazini. Tangu hapo fundi alijua ni tabaka ngapi za kitambaa zitalala juu ya ngozi, mkunjo utanenepa kiasi gani, na kivuli chake kitaanguka wapi.

Akamwambia binti amlete mdogo wake wa kiume, mwenye umbo la baba, na shati la mistari lililokatwa kwa mtindo uleule. Kijana akakalishwa kwenye kiti cha mbao, dirisha likiwa upande uleule lilikokuwa kwenye picha ya zamani. Kamera ikawekwa usawa wa kifua, kwa sababu picha ya zamani ilionyesha sehemu ya juu ya egemeo na haikuonyesha chini yake. Mambo haya mawili, upande wa mwanga na kimo cha kamera, hayatengenezeki baadaye. Kigasha kilichopigwa picha kutoka chini hakikai kwenye mwili uliopigwa kutoka juu, hata rangi ya ngozi ilingane vipi.

Viganja vya marehemu havikuguswa. Vilikuwa vyake, na ndivyo vilivyoamua mengine yote. Kwenye Photoshop, kigasha cha mwana kiliwekwa kwenye leya yake chini ya kiganja cha baba, na pale vinapokutana, kwenye kifundo, fundi alikaa asubuhi nzima. Sikujua kwamba mahali padogo vile pana mambo mengi kiasi kile. Kifundo ni bapa, kigasha kwenye kiwiko ni mviringo, na kati yake umbo linageuka polepole. Upande wa kidole kidogo kuna mfupa unaokwenda karibu moja kwa moja mpaka kiwikoni. Upande wa dole gumba kuna msuli unaojaa karibu na kiwiko, kisha unakonda. Anayechora kigasha kama bomba la maji, upana uleule juu na chini, ameshaharibu kazi, na mtazamaji atahisi kuna kasoro hata akishindwa kuitaja.

Halafu kuna umri. Mikono ya kijana ilikuwa imejaa, na baba alipigwa picha akiwa na miaka zaidi ya sitini. Fundi aliipunguza nyama kwa Liquify, kwa brashi kubwa na msukumo mdogo, akaacha mifupa mahali pake. Mishipa ya mgongo wa kiganja, ambayo kwenye picha ilikuwa inafika kifundoni na kupotea ndani ya kafu, akaiendeleza juu ya kigasha kwa kupaka mwanga upande mmoja na giza upande wa pili. Aliipaka kwenye leya ya kijivu cha 50% iliyowekwa kwenye Soft Light, brashi ikitoa asilimia 3 au 4 tu kwa kila mpito. Ngozi ya mtu aliyekunja shati maisha yake yote haina mpaka wa rangi kwenye kifundo, kwa kuwa jua limeipiga sawa na kiganja. Mtu wa ofisini angekuwa na mpaka huo. Fundi aliwaza hata hilo, akautia weusi mgongo wa kigasha na kuuacha upande wa ndani wa mkono ukiwa na nuru kidogo.

Kafu nayo ina siri zake. Ukiikunja unaona upande wa ndani wa kitambaa. Kama mistari imefumwa kwa nyuzi zenye rangi, ndani hufanana na nje. Kama imechapwa juu ya kitambaa, ndani hupauka. Shati la seremala lilikuwa la kufumwa, hivyo rangi haikubadilika, lakini mistari haikupaswa kupita moja kwa moja kutoka begani mpaka kwenye mkunjo. Kila kitambaa kinapogeuka mistari inahama kidogo, kwa sababu hakuna mtu anayekunja shati kwa rula. Na kafu iliyofunguliwa kifungo, ikipandishwa kwenye sehemu nene ya mkono, hailingani tena na mzunguko wake. Mpasuo unaachama, kifungo kinainama, kona moja inachomoza. Fundi aliiacha kona hiyo ichomoze. Wengine huilainisha, wakabaki na pete ya kitambaa isiyo na mwanzo wala mwisho.

Ukingo wa mkunjo wa kushoto, wa mkono ulioning'inia chini ya usawa wa kamera, ulipinda kwenda chini. Wa kulia ulikuwa kinyume: kigasha kilikuwa kinakuja kwetu, kwa hiyo mdomo wa mkunjo ulitutazama, ukingo wake ukapinda kwenda juu kama tao, na kati ya kitambaa na ngozi kukawa na kiza chembamba. Kiza kile kilikuwa na sehemu mbili. Pale kitambaa kinapogusa ngozi ulikuwepo mstari mweusi, mwembamba, mkali. Chini yake kivuli cha unene wa mkunjo kilitanuka na kufifia. Ukiweka sehemu moja tu, mkunjo unaonekana umechorwa juu ya ngozi au unaelea.

Kilichobaki ni kile ambacho wengi hawakikumbuki kabisa. Mkono mrefu wa shati ulipokuwa umenyooka, mikunjo yake ilitoka kwenye kiwiko ikateremka mpaka kwenye kafu. Sasa njia ya kuteremkia haipo. Kitambaa kilichobaki juu ya mkunjo kimesukumwa juu, kimejikusanya kwenye kiwiko, na mikunjo iliyokuwa mirefu na ya ulalo lazima iwe mifupi, iliyobanana, ikipishana kulia na kushoto. Umbo la nje la shati linavimba hapo. Fundi alichukua kitambaa cha shati la mwana, akakipinda kwa Warp mpaka mistari ikafuata ile ya bega la baba, kisha akaingiza kivuli kwenye kila bonde. Ndani ya kiwiko, ambapo mkono umejikunja, alibana zaidi. Nje, juu ya mfupa, akakivuta kitambaa mpaka kikanyooka.

Na kwa vile kigasha ni chembamba kuliko mkono wa shati, kulikuwa na ukanda wa vitu vilivyokuwa vimefichwa: kipande cha mguu wa kiti, ubavu wa shati, ukuta. Vyote vilijengwa upya. Hata kivuli cha mkono wa shati kilicholala juu ya egemeo kilipunguzwa kikawa kivuli cha mkono mtupu. Mwisho, viungo vipya vilififishwa kidogo na kutiwa chembechembe, kwa sababu kamera ya leo inaona vikali kuliko ile picha ndogo iliyoskaniwa kwa doti 600 kwa inchi. Akaigeuza picha kulia kuwa kushoto, akaiangalia kwa nyeusi na nyeupe, akaipunguza mpaka ikawa kama stempu. Mkono wa kulia ulikuwa na mwanga kupita kiasi karibu na kifundo. Akarudi kuupaka giza.

Subira hii haikuanza na kompyuta. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, fundi wa picha, popote alipokuwa, alirekebisha kwa penseli iliyochongwa ncha ndefu juu ya negativu yenyewe. Kila alipotia risasi ya penseli, pale palitoka peupe kwenye picha iliyochapwa, kwa hiyo ilimbidi afikiri kinyume, na kosa lilikuwa kosa juu ya negativu ya mteja. Watu wale waliyatazama mashavu, kope na mikunjo ya kanzu kabla ya kugusa chochote. Tangu Photoshop ipate leya mwaka 1994 woga ule uliondoka, na sawa uondoke. Lakini kutazama nako kumeondoka.

Naona matokeo yake kwenye mabango ya arusi na ya misiba, kwenye kalenda za makampuni, kwenye picha za wagombea wanaotaka waonekane wachapa kazi. Mikono imekunjwa, ndiyo, lakini ni mikono ya mtu mwingine. Kiganja ni cha mzee na kigasha ni cha mvulana. Mwanga wa uso unatoka kushoto na wa mkono unatoka kulia. Kafu imekaa kama bangili. Juu ya kiwiko shati limenyooka kama limetoka kwenye pasi, kana kwamba kitambaa kilichosukumwa juu kimeyeyuka. Na familia inalipa, inashukuru, inatundika ukutani mkono ambao haukuwahi kumbeba yeyote kati yao.

Vijana wawili wamejifunza kwa fundi huyu, na wote wawili sasa wana vyumba vyao. Wanajua vitufe kuliko yeye. Nilimuuliza kama huwa wanawaambia wateja walete ndugu na shati. Akasema mteja wa siku hizi hangojei, anataka achukue picha akiwa bado amesimama mlangoni, na kijana mwenye kodi ya chumba hawezi kumrudisha mtu nyumbani akatafute shati.