Kiongozi Anayependwa, Faili Zinazochelewa

Kiongozi wa timu anayependwa na watu wake ni mgumu kupimwa kwa haki. Anayejaza fomu ya tathmini amekwisha kumwona akimtetea mwenzake, akikaa ofisini hadi usiku, akienda msibani kwa mfanyakazi wa chini kabisa. Akifika kwenye kipengele cha kutimiza tarehe, anamhurumia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliliandika jambo hili mwaka 1920 baada ya kuchunguza alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa walio chini yao. Alama za umbo, akili, uongozi na tabia zilipanda na kushuka pamoja kuliko inavyowezekana. Maofisa walikuwa wanampima mtu mzima mzima kwa jinsi walivyomwona kwa jumla, kisha wanagawa hisia hiyo kwenye kila kisanduku.

Kuwasihi wanaopima wawe makini zaidi hakutoshi kuondoa kosa hilo. Linaloweza kulipunguza ni kubadili mpangilio wa kazi, yaani tarehe zisomwe kabla ya maoni ya mtu yeyote kusikilizwa. Nitaonyesha hatua zake kwa mfano niliouunda mwenyewe, ingawa tarehe ya kisheria iliyomo ni halisi.

Tuchukue kampuni ya huduma za uhasibu ya Dar es Salaam, yenye timu inayotayarisha ritani za VAT za wateja 10. Nchini Tanzania ritani ya mwezi huwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo kampuni imejiwekea utaratibu wake: mteja alete nyaraka ifikapo tarehe 12, mhasibu msaidizi amkabidhi kiongozi faili ifikapo tarehe 15, na kiongozi aihakiki na kuitoa ifikapo tarehe 18. Siku mbili zinazobaki ni za dharura. Kwa miezi mitatu timu imeshughulikia faili 30, na 11 kati yake zimetoka baada ya tarehe 18. Mbili zimepita hata tarehe 20, na wateja wake wamepigwa faini.

Meneja mwenye haraka angeandika kwamba kiongozi huyu hajali muda. Mwenye huruma angeandika kwamba wateja ni wasumbufu. Wote wawili wangekuwa wanakisia, kwa sababu faili 11 kuchelewa ni matokeo tu, na chanzo bado hakijajulikana. Kwa kila faili iliyochelewa zinatakiwa tarehe tatu zaidi: nyaraka zilipofika, faili ilipofika mezani kwa kiongozi, na ilipotoka. Nyingi ya tarehe hizo zimo kwenye barua pepe na kwenye kitabu cha mapokezi, hivyo hazitegemei kumbukumbu ya mtu. Kazi hii haizidi nusu siku, na ndiyo sehemu ya tathmini inayorukwa zaidi.

Katika mfano wetu, faili 3 zilichelewa kwa sababu mteja alileta nyaraka baada ya tarehe 12. Moja ilikwama kwa mhasibu msaidizi. Saba zilifika mezani kwa kiongozi kwa wakati, zikakaa hapo siku nne au tano. Kabla ya kumhukumu kwa hizo 7, meneja aulize kama zilifika zote siku moja. Kama kuhakiki faili moja vizuri huchukua nusu siku, faili 7 zinazoingia tarehe 15 zitamaliza siku tatu na nusu hata kwa mhakiki mwepesi, na hapo tatizo ni ratiba ya kampuni. Hapa hazikurundikana hivyo. Zilitawanyika katika miezi mitatu, na hazikuzidi mbili kwa siku.

Kisha meneja atazame zimetoka kwa nani. Tano kati ya 7 ni za wahasibu wasaidizi wawili wapya. Akizifungua, anakuta kosa linalojirudia: manunuzi yasiyo na risiti ya EFD yameingizwa kwenye kodi ya kudai. Anakuta pia kwamba masahihisho yote yamefanywa na kiongozi mwenyewe, bila dokezo lolote la kumrudishia aliyekosea. Faili 2 zilizobaki zilichelewa siku ambazo kiongozi alikubali kuisaidia idara nyingine.

Hapo ndipo wafanyakazi waulizwe, na waulizwe swali lenye jibu la tukio. Ukiuliza kama wanamkubali kiongozi wao, utasifiwa mtu. Uliza: mara ya mwisho faili yako ilirudishwa lini, na uliandikiwa nini? Wale wawili wapya watasema haijawahi kurudishwa. Kwa maoni yangu jibu hilo lina uzito kuliko dodoso zima la kuridhika kazini, kwa kuwa linaonyesha kwamba linalomfanya apendwe ndilo linalomchelewesha. Anawakinga watu wake na aibu ya kukosea kwa kubeba makosa yao, na hawezi kumwambia mtu hapana.

Mazungumzo ya tathmini yaanze na faili moja, bila kugusa tabia.

"Kaka, hii ilikufikia tarehe 14 ikatoka tarehe 19. Hebu nieleze ilikuwaje."

"Mama, ilikuwa na makosa mengi. Nikimrudishia yule kijana ningemvunja moyo, na mwenyewe naimaliza haraka zaidi."

Kama meneja angeanza kwa kusema "wewe unachelewa sana", angepata samahani na ahadi. Kwa kuanza na faili amepata sababu, na sababu inaweza kufanyiwa kazi.

Sasa alama. Kwa kipimo cha 1 hadi 5 ambapo 5 ni bora, ningempa 4 kwa mahusiano na timu, 2 kwa kutimiza tarehe, na 2 kwa kuwaendeleza walio chini yake. Hiyo ya tatu itawashangaza wengi, lakini vijana wasioonyeshwa makosa yao kwa miezi mitatu hawajaendelezwa, hata kama wametendewa wema. Alama hizi zisijumlishwe kutafuta wastani. Wastani wake ungekaribia 3, na msomaji wa fomu angeona mtu wa kawaida asiye na tatizo, wakati faini mbili zimekwisha kulipwa.

Makubaliano yaandikwe kwa vitendo vinavyoonekana. Faili yenye makosa zaidi ya matatu irudishwe siku hiyo hiyo kwa aliyeitengeneza, ikiwa na dokezo la maandishi. Faili yoyote isikae mezani zaidi ya siku mbili za kazi. Ombi la idara nyingine lipitie kwa meneja. Kwa upande wake, kampuni iwafundishe wale wawili kanuni za risiti, kwa sababu upungufu huo si wa kiongozi peke yake.

Utaratibu huu unakidhi pia sheria. Kanuni za Utendaji Bora katika ajira, zilizotolewa Tanzania kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji usioridhisha, amwelekeze mfanyakazi na kumpa muda wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha kazi. Fomu iliyoandikwa "anachelewa" bila tarehe wala sababu haitamsaidia mwajiri huyo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Baada ya miezi mitatu mingine zihesabiwe tarehe zile zile. Zikipungua faili zinazokaa mezani, alama ya kutimiza tarehe ipandishwe bila kusubiri mwisho wa mwaka. Faili zikirudishwa kwa wakati na bado kazi ikachelewa, meneja arudi kwenye ratiba na idadi ya wateja, amwache kiongozi.