Wazungumzaji Kumi wa Mlandege na Matamko Mia Nne: Uhakiki wa Ukadiriaji wa Wigo wa Uhakika katika Sampuli Ndogo

Katika tasnifu za isimujamii zinazoandikwa kwa Kiswahili kuna sentensi ambayo msomaji wa muda mrefu ameshaizoea: kwamba asilimia fulani ya matamko ilionesha umbo fulani. Asilimia hiyo hutolewa peke yake. Hatuelezwi ingepanda au kushuka kwa kiasi gani iwapo mtafiti angekutana na watu wengine siku ile. Na pale ambapo wigo wa uhakika unatolewa, yaani kikomo cha chini na kikomo cha juu ambamo thamani ya jamii nzima inakadiriwa kuwamo, mara nyingi hukokotolewa kwa kanuni inayodai masharti ambayo data yetu haiyatimizi. Makala haya yanahakiki desturi hiyo kwa kuzingatia mbinu moja ambayo imeanza kuingia katika kazi za wanafunzi wetu, mbinu ya butstrapu. Hoja yangu ni kwamba mbinu hii inatufaa sana, lakini wengi wanaoitumia wanachota upya kitu kisichostahili kuchotwa.

Tuchukue mfano. Mtafiti anakwenda sokoni Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, kuchunguza utamkaji wa /r/ kama [l] katika Kiswahili cha wafanyabiashara ambao lugha yao ya kwanza ni Kihehe au Kibena, lugha mbili ambazo Guthrie aliziweka jirani katika kundi la G.60. Anatafuta maumbo kama *kalatasi*, *balua* na *halaka*. Anawarekodi watu 10 na kuchambua maneno 40 yenye /r/ kwa kila mmoja, hivyo anapata matamko 400. Tarakimu zinazofuata nimezitunga mwenyewe ili kuonesha mbinu. Zisichukuliwe kuwa matokeo kuhusu wakazi wa Mlandege. Idadi ya matamko yenye [l] kwa kila mzungumzaji, ikipangwa kuanzia ndogo, ni 0, 1, 1, 2, 2, 3, 5, 8, 22 na 36. Jumla ni 80, sawa na asilimia 20 ya matamko yote.

Njia iliyozoeleka ni kuyachukulia matamko 400 kama matukio 400 yanayojitegemea, kisha kutumia kanuni ya uwiano. Kosa sanifu linakuwa asilimia 2, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia asilimia 16 hadi 24. Ni wigo mwembamba unaopendeza machoni pa mtahini. Nami niliandika wigo wa namna hiyo katika tasnifu yangu ya uzamili, na hakuna aliyeniuliza swali.

Swali lililopaswa kuulizwa ni hili: nani alichaguliwa? Mtafiti hakuchagua matamko 400 kutoka katika bahari ya matamko ya Mlandege. Alichagua watu 10, na kila mmoja alikuja na mazoea yake ya ulimi. Mzungumzaji wa kumi anatamka [l] mara 36 kati ya 40. Ukishasikia maneno yake matano ya mwanzo, thelathini na matano yanayobaki hayakupi taarifa mpya nyingi. Kwa hiyo sampuli yetu ni 10, si 400. Hata kama angewarekodi watu hao hao kwa wiki nzima na kupata matamko 4,000, bado angekuwa anawafahamu vizuri zaidi watu 10 tu.

Tukikubali kwamba kizio ni mzungumzaji, tunaweza kurudi kwa Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness aliyechapisha mwaka 1908, kwa jina la Student, kazi iliyozaa mgawanyo wa *t*. Wastani wa asilimia za watu 10 ni 20, na kosa sanifu sasa ni asilimia 9.3. Kwa kuzidisha na 2.262, ambayo ndiyo thamani ya *t* kwa digrii huru 9, tunapata wigo unaoanzia chini kidogo ya asilimia -1 hadi asilimia 41. Hapa mwanafunzi hushtuka, na ana haki ya kushtuka, kwani hakuna jamii inayoweza kutamka [l] kwa asilimia hasi. Kanuni haikukosewa kukokotolewa. Inachukulia kwamba mgawanyo wa wastani una ulinganifu pande zote mbili, ilhali data yetu imelala upande mmoja: watu wanane wako chini au sawa na wastani, na wawili wako mbali juu yake. Kwa sampuli kubwa ulalo huo ungemezwa. Kwa watu 10 haumezwi, na hatujui umbo la mgawanyo unaotakiwa kuchukua nafasi yake.

Hapo ndipo butstrapu inapoingia. Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford aliichapisha mwaka 1979, na jina lake linatokana na usemi wa Kiingereza kuhusu mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. (Jina hilo limewafanya wengi waidhanie kuwa ni kiinimacho.) Wazo lenyewe ni jepesi. Kwa kuwa hatuwezi kurudi Mlandege mara elfu kumi kuchagua watu 10 wapya kila mara, tunaifanya sampuli tuliyonayo isimame badala ya jamii. Andika matokeo ya kila mzungumzaji kwenye kikaratasi, weka vikaratasi 10 kikapuni, chota kimoja, andika kilichomo, kirudishe, chota tena, hadi utimize mara 10. Kwa sababu ya kurudisha, mzungumzaji mmoja anaweza kutokea mara tatu na mwingine asitokee kabisa. Kokotoa wastani wa mchoto huo. Rudia kazi yote mara 10,000, panga wastani hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha kata 250 za chini na 250 za juu. Zinazobaki katikati ndizo zinazochora wigo. Katika programu ya R kazi hiyo ni mistari michache:

```r
l <- c(0, 1, 1, 2, 2, 3, 5, 8, 22, 36)
set.seed(1979)
b <- replicate(10000, mean(sample(l, replace = TRUE)) / 40 * 100)
quantile(b, c(0.025, 0.975))
hist(b)
```

Matokeo yanakuwa takribani asilimia 5.5 hadi 39. Wigo huu hauna asilimia hasi, na hauna ulinganifu: kikomo cha chini kiko hatua 14 na nusu kutoka kwenye 20, cha juu kiko hatua 19. Data yenyewe ndiyo iliyoamua umbo hilo. Tukiulinganisha na ule wa 16 hadi 24, ni mpana zaidi ya mara nne. Mtafiti aliyekuwa tayari kuandika kwamba utamkaji huu umefikia moja ya tano ya matamko ya /r/ sokoni sasa analazimika kukiri kwamba huenda ni moja ya ishirini tu, au unakaribia mbili ya tano.

Sasa niseme kosa lililonisukuma kuandika. Mwanafunzi anayesikia habari za butstrapu huweza kuweka kikapuni matamko 400 badala ya watu 10. Programu haitamkataza. Itamrudishia wigo wa 16 hadi 24, ule ule wa kanuni ya uwiano, kwa sababu dhana ya kujitegemea aliyodhani ameikimbia ameirudisha mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Mbaya zaidi, sasa wigo huo umevaa joho la mbinu ya kisasa na ni vigumu zaidi kuuhoji. Kanuni ni kuchota upya kile kile kilichochaguliwa uwandani. Ikiwa walichaguliwa watu, wachotwe watu, kila mmoja na matamko yake yote. Idadi ya matamko ikitofautiana kutoka mtu hadi mtu, mchoto ubebe hesabu zote mbili, ya [l] na ya jumla, na uwiano ukokotolewe upya katika kila mchoto.

Hata ikitumiwa sawasawa, mbinu hii ina mpaka ambao watumiaji wengi hawauoni. Wigo unaotokana na kukata ncha huwa mwembamba kuliko inavyostahili sampuli inapokuwa ndogo. Tim Hesterberg, katika makala yake ya mwaka 2015 kwa walimu wa takwimu, alieleza sababu mbili. Kwanza, mtawanyo wa vikaratasi kikapuni hugawanywa kwa *n*, si kwa *n* kutoa 1, hivyo unapungua kidogo. Pili, mbinu haijilipi fidia ile ambayo *t* hutoa kwa kutoujua mtawanyo wa kweli. Kwa watu 10, sababu hizi kwa pamoja hupunguza upana kwa takribani asilimia 18 ukilinganisha na wigo wa *t*. Kwa watu 5, kwa takribani asilimia 37. Ndiyo maana wigo wetu wa 5.5 hadi 39 usisomwe kana kwamba kweli una uhakika wa asilimia 95. Una pungufu ya hapo, na ni wajibu wa mwandishi kulisema hilo ndani ya matini yenyewe. Anayetaka kusogea karibu zaidi anaweza kutumia butstrapu ya *t*, ambayo katika kila mchoto hukokotoa pia kosa sanifu la mchoto huo. Kwa data iliyolala kama hii, njia hiyo husogeza kikomo cha juu mbali zaidi, ingawa kwa sampuli ndogo sana nayo huyumba.

Kuna namna ya kuuona udhaifu huo kwa macho, nayo ni kuichora michoto kwa amri ya mwisho katika mistari ile. Uwezekano wa mzungumzaji wa kumi kutotokea kabisa katika mchoto ni 0.9 kwa kipeo cha 10, yaani takribani 0.35. Kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya michoto imekosa mtu huyu, na mingine imempata mara moja, mara mbili au zaidi. Mchoro ukionesha vinundu badala ya kilima kimoja laini, ujue wigo wako unategemea mtu mmoja au wawili. Jaribio jingine ni kumwondoa: bila mzungumzaji wa kumi, 20 inashuka hadi 12.2; bila wa tisa pia, inakuwa 6.9. Hapo swali la takwimu linageuka kuwa swali la isimujamii. Hawa wawili ni akina nani? Wamehamia mjini lini, wamekulia wapi, wanauza nini na kwa nani? Huenda tuna makundi mawili ya wazungumzaji, na wastani wa pamoja haumwelezi yeyote kati yao.

Linalofuata ndilo linaloumiza zaidi tasnifu zetu, kwa kuwa watafiti wachache huishia kwenye wastani wa jumla. Watu 10 hugawanywa wanawake 5 na wanaume 5, kisha tofauti ya asilimia kadhaa hupewa maelezo ya kurasa nne kuhusu jinsia na hadhi ya lugha. Katika ulinganishi wa namna hiyo kila kundi huchotwa peke yake, na tofauti hukokotolewa katika kila jozi ya michoto. Lakini watu 5 wanatoa michoto tofauti 126 tu, hata ukiiamuru kompyuta irudie mara milioni. Kurudia kwingi hupunguza kuyumba kwa ukokotoaji. Hakuongezi mtu hata mmoja kwenye sampuli. Wala hakumleti muuza nyanya aliyekataa kurekodiwa, au wale ambao mtafiti hakuwafikia kwa sababu alipitishwa sokoni na rafiki yake na kuwahoji jamaa za rafiki huyo. Upendeleo wa uteuzi uliomo katika vikaratasi 10 utabaki katika michoto yote 10,000.

Kwa mtafiti aliyekwisha kurudi kutoka uwandani na watu 10, ninapendekeza achapishe hesabu ya kila mzungumzaji kama nilivyozipanga hapo juu, atoe wigo wa wazungumzaji pamoja na tahadhari ya wembamba wake, na aache ulinganishi wa makundi. Kwa yule ambaye bado anapanga safari, bajeti ya kurekodi maneno 40 kwa watu 10 inaweza kugawanywa kuwa maneno 10 kwa watu 40. Saa za unukuzi zitakuwa karibu zile zile. Kitakachoongezeka ni nauli na siku za kuzunguka sokoni.